Saa za ziada zikilipwa kwa ofu: zifungwe kwa tarehe moja, zihesabiwe fungu kwa fungu, au ziwekewe kikomo?

Umefanya kazi saa nne zaidi ya zamu yako, na badala ya kulipwa fedha utapumzika siku nyingine huku mshahara ukiendelea kama kawaida. Hayo ndiyo mapumziko ya fidia, au ofu kama wengi tunavyoita. Kuyatangaza ni rahisi. Shida huanza miezi kadhaa baadaye, mtu mmoja akiwa na saa 60 ambazo hakuna anayejua zilitokana na siku zipi, mwenzake akiambiwa zake zimeshakufa, na mhasibu akijiuliza kama deni analopaswa kuliweka kwenye vitabu ni saa 60, saa 90 au hakuna kabisa.

Mara nyingi chanzo ni kwamba watu walikubaliana namna ya kupata ofu lakini hawakukubaliana namna inavyoisha. Kuna njia tatu zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kufunga salio la kila mtu kwa tarehe moja. Ya pili ni kila fungu la saa kuwa na mwisho wake, kuanzia siku kazi ilipofanyika. Ya tatu ni kutoweka mwisho wowote ila kikomo cha saa ambazo mtu anaweza kulimbikiza, zinazozidi zikilipwa fedha. Hapa tunaziweka bega kwa bega, maana njia utakayochagua ndiyo itakayoamua daftari lako liwe na safu zipi.

Kwanza sheria, kisha kiwango

Kabla ya kulinganisha chochote, hakikisha sheria ya nchi yako na mkataba wa kazi vinaruhusu saa za ziada kulipwa kwa muda, kwa kiwango gani, na ndani ya muda gani. Tofauti ni kubwa. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho inawaruhusu waajiri wa serikali kuwapa ofu wafanyakazi wanaostahili malipo ya saa za ziada, lakini kampuni binafsi haziwezi kufanya hivyo badala ya kuwalipa. Afrika Kusini, sheria ya masharti ya msingi ya ajira ya mwaka 1997 inaruhusu makubaliano ya namna mbili: dakika 90 za mapumziko yenye malipo kwa kila saa ya ziada, au mshahara wa kawaida kwa saa hiyo pamoja na dakika 30 za mapumziko. Mapumziko hayo yatolewe ndani ya mwezi mmoja, isipokuwa pande mbili zikikubaliana kwa maandishi kuurefusha hadi miezi 12. Jimbo la Ontario nchini Kanada linataka saa moja na nusu kwa kila saa ya ziada, ndani ya miezi mitatu, au hadi miezi 12 kama mfanyakazi ameridhia kwa maandishi. Australia, kanuni nyingi za kisekta hutoa saa moja kwa saa moja na muda wa miezi sita. Ofu isipochukuliwa ndani ya muda huo, hulipwa fedha kwa kiwango cha saa za ziada.

Tazama hilo la mwisho vizuri. Kuisha muda hakumaanishi lazima kwamba saa zinapotea. Sehemu nyingi zenye sheria juu ya jambo hili, tarehe ya mwisho ni ya mwajiri kuliko ya mfanyakazi: ikifika, lipa. Mwajiri anayeandika "zisipochukuliwa zitafutwa" bila kuangalia sheria anaweza kuwa anaandika sentensi isiyo na nguvu yoyote. Katika ulinganisho huu tunachukulia kwamba saa zilizoisha muda zinalipwa, kwa sababu hilo ndilo salama zaidi na ndilo linaloonyesha wazi kama hesabu imeharibika.

Jambo la pili ni kiwango. Kikiwa saa moja na nusu kwa kila saa ya ziada, saa 4 za ziada huzaa saa 6 za mapumziko. Kuanzia hapo kuna namba mbili zinazosafiri pamoja, saa zilizofanywa kazi na saa za mapumziko zilizopatikana, na zikichanganywa fedha hupotea upande mmoja au mwingine. Tutalirudia tukifika kwenye kikomo, kwa sababu ndiko kosa hili linakouma zaidi.

Mfano mmoja, njia tatu

Tumchukue mfanyakazi mmoja wa zamu, kiwango kikiwa hicho cha moja na nusu. Tarehe 14 Januari alifanya saa 4 za ziada, akapata 6. Tarehe 22 Februari alifanya 6, akapata 9. Tarehe 18 Machi alifanya 2, akapata 3. Tarehe 5 Mei akachukua zamu moja ya saa 8. Tarehe 24 Juni akafanya tena saa 6, akapata 9. Tarehe 10 Julai anataka zamu nyingine ya saa 8.

Mpaka jioni ya Juni 24, njia zote tatu zinakubaliana: amepata saa 27, ametumia 8, amebaki na 19. Tofauti inaanza siku chache baadaye.

Tarehe moja ya kufunga

Tuseme salio linafungwa kila Juni 30 na Desemba 31. Juni 30 inafika, saa zote 19 zinafungwa. Ndani yake zimo 9 ambazo hazijamaliza hata wiki moja tangu zipatikane. Za Februari zimekuwa na miezi minne ya kuchukuliwa, hizi zimepata siku sita, na bado zote zinatendewa sawa. Ombi la Julai 10 halina tena salio la kulitegemea.

Kwa mfanyakazi, huu ndio udhaifu mkubwa: thamani ya saa inategemea imepatikana lini katika kipindi. Watu hulijua hilo haraka. Wiki mbili za mwisho za kipindi hakuna anayejitolea kubaki, labda aahidiwe fedha.

Kwa msimamizi, udhaifu uko upande mwingine. Kila mtu huikumbuka tarehe hiyo kwa wakati mmoja. Kikosi cha watu 12 wenye saa 19 kila mmoja kinadai saa 228, sawa na zamu 28 na nusu za saa nane, zote ziombwe ndani ya Juni. Ukizitoa utakosa watu wa kushika zamu, na ili kuziba pengo utawaita wengine kwa saa za ziada, ambazo nazo zitazaa ofu. Ukikataa, utalipa fedha kwa mkupuo.

Pamoja na hayo, njia hii ina sifa moja ambayo haipaswi kudharauliwa: haihitaji kukumbuka umri wa saa. Namba moja kwa kila mtu inatosha. Ofisi ya watu wachache yenye saa za ziada za msimu, tuseme wakati wa kufunga hesabu za mwaka, inaweza kuishi nayo vizuri, mradi tarehe isiwekwe mwishoni mwa msimu wenyewe. Ikiwa kazi inabana Novemba na Desemba, kufunga Desemba 31 ni kuwapokonya watu kile walichokitolea jasho jana. Funga Aprili 30 badala yake. Saa zitakuwa na angalau miezi minne ya kuchukuliwa, tena katika kipindi ambacho kazi imepoa.

Wengine hujaribu kulainisha njia hii kwa kusema saa zilizopatikana siku 60 za mwisho zitahamia kipindi kijacho. Inasaidia, ila sasa lazima ujue kila saa ilipatikana lini, na hapo umeshaingia nusu ya njia ya pili bila kuwa na daftari lake. Heri uende nzima.

Fungu kwa fungu

Katika njia hii kila tukio la saa za ziada ni fungu linalojitegemea, na kila fungu lina tarehe yake ya mwisho. Tukiweka miezi sita tangu siku ya kazi, fungu la Januari linaisha Julai 14, la Februari Agosti 22, la Machi Septemba 18, na la Juni Desemba 24.

Swali linalofuata ni hili: akichukua saa 8, zinatoka fungu gani? Wengi huliacha bila kulijibu, na jibu lake ndilo linaloamua kila kitu.

Tukianza na fungu la zamani zaidi, ofu ya Mei 5 inamaliza saa 6 za Januari na kumega 2 za Februari, ambalo linabaki na 7. Ofu ya Julai 10 inamaliza hizo 7 na kumega 1 ya Machi. Julai 14 ikifika hakuna cha kuisha, Agosti 22 vivyo hivyo. Kinachobaki ni saa 2 za Machi zinazoisha Septemba 18 na saa 9 za Juni zenye muda hadi Desemba 24. Jumla 11.

Sasa geuza, uanze na fungu jipya. Mei 5 inakula 3 za Machi na 5 za Februari, inaacha 6 za Januari bila kuguswa na 4 za Februari. Julai 10 inakula 8 kati ya 9 za Juni. Siku nne baadaye 6 za Januari zinaisha muda, na Agosti 22 zinaisha 4 za Februari. Mfanyakazi yule yule, saa zile zile, ofu zile zile. Kwa mpangilio wa kwanza saa 2 tu ndizo zilizo hatarini, kwa mpangilio wa pili 10 zimekwenda na amebakiwa na moja.

Kwa hiyo andika kwenye sera, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: ofu itatolewa kwanza kwenye fungu litakaloisha mapema zaidi. Sema "litakaloisha mapema", usiseme "lililopatikana kwanza". Siku fungu moja litakapoongezewa muda, mambo hayo mawili hayatakuwa tena kitu kimoja.

Na mafungu yataongezewa muda, kwa sababu kuna hali ambayo lazima iwe na jibu: mtu ameomba ofu kabla ya mwisho, msimamizi amekataa kwa kukosa watu, tarehe imepita. Saa hizo hazikulala kwa uzembe wake. Kanuni inayofanya kazi ni kwamba ombi lililokataliwa fungu likiwa limebakiza siku 30 au chini ya hapo linasogeza mwisho wa fungu kwa siku 60, au saa hizo zilipwe, uamuzi ukiwa wa mfanyakazi. Kukataliwa huko kuandikwe siku hiyo hiyo. Bila maandishi, miezi miwili baadaye litabaki neno la mtu dhidi ya neno la mtu.

Jambo jingine linalozua mabishano ni siku ya kuanza kuhesabu. Ikiwa ni siku ya kuidhinishwa, msimamizi anayechelewesha karatasi anarefusha muda bila kukusudia, na mafungu mawili ya wiki moja yanaweza kuishia miezi tofauti. Ikiwa ni siku ya kazi, anayechelewa kuleta fomu anajipunguzia mwenyewe. Siku ya kazi ndiyo bora, pamoja na sharti kwamba saa ziidhinishwe au zikataliwe ndani ya siku saba.

Gharama ya njia hii ni uandikaji. Mfanyakazi anayebaki mara tatu kwa mwezi, kwa miezi sita, ana mafungu 18 hai kwa wakati mmoja. Huwezi kuyashika kichwani, na kwenye daftari la mkono lenye salio moja utapotea mwezi wa pili.

Kikomo bila kuisha muda

Njia ya tatu haiui saa. Inasema mtu anaweza kuweka akiba hadi kiasi fulani, tuseme saa 24 za mapumziko, na zaidi ya hapo atalipwa fedha kwenye mshahara unaofuata. Mfanyakazi wetu alifika 18 mwezi Machi, akashuka hadi 10 Mei, akapanda hadi 19 Juni, na baada ya Julai 10 yuko 11. Hajagusa kikomo na hajapoteza kitu.

Tuseme hakuchukua ofu ya Mei. Juni 24 angekuwa na 18, zikiongezwa 9 ni 27, yaani 3 zimezidi. Hapa ndipo kosa tulilolitaja hutokea. Mhasibu anaona "saa 3 za ziada za kulipwa" na kuzizidisha kwa moja na nusu, anapata malipo ya saa 4 na nusu. Lakini zile 3 zilishazidishwa zilipoingia. Zimetokana na saa 2 za kazi. Malipo sahihi ni saa 2 kwa moja na nusu, ambayo ni sawa na mshahara wa kawaida wa saa 3. Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili: wanaona saa 2 za kazi na kuzilipa kwa kiwango cha kawaida. Na pale ofu inapotolewa saa moja kwa saa moja lakini isipochukuliwa inalipwa kwa kiwango cha saa za ziada, mhasibu asiyejua hilo hulipa pungufu kila mara. Dawa ni ile ile kote: daftari libebe saa zilizofanywa, kiwango, na saa za mapumziko, kila kimoja kwenye safu yake, na anayelipa aanze na saa zilizofanywa.

Sheria ya shirikisho ya Marekani kwa waajiri wa serikali ni mfano wa kikomo kikubwa: saa 240 za mapumziko, zinazotokana na saa 160 za kazi, na 480 kwa polisi, zimamoto na kazi nyingine za aina hiyo. Kikomo cha namna hiyo kinazaa deni zito. Wilaya ya Harris kule Texas iliona polisi wake wanakaribia kikomo, na kwa kuogopa malipo ikawalazimisha kwenda ofu hata wasipotaka. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2000, katika shauri la Christensen dhidi ya Harris County, mahakama ilisema sheria hiyo haimkatazi mwajiri kufanya hivyo. Bila kujali nchi, funzo la kiutawala liko wazi: kikomo kikiwa kikubwa, siku ya kuzipunguza saa itakuwa ya mivutano. Weka kikomo cha zamu tatu hadi tano, usizidishe.

Udhaifu mwingine ni viporo. Saa zisizo na mwisho hulala. Mtu aliyezipata akiwa na mshahara mdogo huja kuzidai miaka mitatu baadaye akiwa msimamizi, na pale malipo yanapofuata mshahara wa sasa, gharama imepanda bila kazi kuongezeka. Kisha kuna hili la kawaida kabisa: ofu ilikusudiwa kumpumzisha mtu aliyechoka Machi. Akipumzika Machi ya mwaka ujao, uchovu ule hakuna aliyeushughulikia.

Bega kwa bega

| | Tarehe moja | Fungu kwa fungu | Kikomo tu |
|---|---|---|---|
| Saa za mfano wetu zilizoisha muda kufikia Septemba 30 | 19 (Juni 30) | 2 (Septemba 18) | 0 |
| Muda ambao saa inapata | siku chache hadi miezi sita | miezi sita, sawa kwa wote | hauna mwisho |
| Maombi ya ofu | hujazana mwishoni | husambaa mwaka mzima | huja kwa kusuasua |
| Deni la mwajiri | hupanda na kusafishwa kwa mkupuo | hujisafisha kidogo kidogo | hukaa karibu na kikomo |
| Daftari linalohitajika | namba moja kwa kila mtu | mstari kwa kila fungu | namba moja, na saa za kazi pembeni |
| Kosa la kawaida | saa mpya kufa na za zamani | kutoa fungu lisilo sahihi | kuzidisha kiwango mara mbili |

Daftari lenyewe

Njia ya kwanza na ya tatu zinaweza kuendeshwa kwa salio moja, lakini hata huko tunapendekeza uandike mafungu. Salio moja linakuambia mtu ana saa 19; halikuambii ni zipi, na mtu akibisha huna cha kumwonyesha. Mafungu yanaweza kujumlishwa kuwa salio wakati wowote, ila salio haliwezi kurudishwa kuwa mafungu.

Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha kwa watu 30 au 40. Tumia kurasa mbili. Ukurasa wa `Mafungu` una safu hizi, kuanzia A hadi I: namba ya fungu, namba ya mfanyakazi, tarehe ya kazi, dakika zilizofanywa, kiwango, dakika za mapumziko, tarehe ya mwisho, dakika zilizotumika, dakika zilizobaki. Ukurasa wa `Matumizi` una tarehe, namba ya fungu, dakika, na sababu. Ofu moja ikimega mafungu mawili, iandikwe mistari miwili: ile ya Mei 5 ni dakika 360 kutoka fungu la Januari na 120 kutoka la Februari.

Kwenye mstari wa pili wa `Mafungu`, safu zinazojihesabu ni hizi:

```
F2: =D2*E2
G2: =EDATE(C2,6)
H2: =SUMIFS(Matumizi!C:C,Matumizi!B:B,A2)
I2: =F2-H2
```

Fungu lililoongezewa muda huandikiwa tarehe mpya moja kwa moja kwenye G, pamoja na maelezo pembeni. Salio hai la mfanyakazi, tuseme mwenye namba M07, na kiasi kitakachoisha ndani ya siku 30, vinapatikana hivi:

```
=SUMIFS(I:I,B:B,"M07",G:G,">="&TODAY())
=SUMIFS(I:I,B:B,"M07",G:G,">="&TODAY(),G:G,"<="&TODAY()+30)
```

Hiyo ya pili ndiyo inayostahili kutumwa kwa mtu na kwa msimamizi wake kila mwanzo wa mwezi. Ukipenda, tengeneza pia ya `"<"&TODAY()`: ikitoa namba yoyote zaidi ya sifuri, kuna saa zimeisha muda na hazijalipwa wala kuongezewa muda. Saa zisiondoke kimyakimya kwa sababu tu tarehe imepita. Fungu linapoisha, mtu aandike mstari kwenye `Matumizi` wenye sababu "malipo", na hapo ndipo linafungwa.

Kwa nini dakika? Kwa sababu ya nukta. Mtu aliyefanya saa 2 na dakika 45 huandika 2.45, jedwali linasoma saa 2 na sehemu 45 za mia, yaani saa 2 na dakika 27. Dakika 18 zimepotea, na kwa kiwango cha moja na nusu ni 27. Ukiona safu ya saa ina .15, .30 na .45 nyingi lakini haina .25, .50 wala .75, ujue tatizo hili limekuwepo muda mrefu. Ukiandika 165 hakuna wa kukosea.

Kwa sababu kama hiyo, usihesabu ofu kwa siku. Anayefanya zamu ya saa 12 akichukua "siku moja" anatumia dakika 720, anayefanya saa 8 anatumia 480. Salio la "siku 3" halina maana mpaka ujue ni siku za nani, na mtu akibadilishiwa zamu salio lake linabadilika thamani bila mtu kuligusa.

Tarehe za mwisho wa mwezi nazo zina tabia yake. `EDATE` ikiongeza miezi sita kwenye Agosti 31 inatoa Februari 28, au 29 mwaka mrefu, kwa kuwa hakuna Februari 31. Hivyo kazi za Agosti 28 hadi 31 zinaweza kuisha siku moja. Si kosa, ila sera iseme "miezi sita" na si "siku 180", la sivyo jedwali na sera vitatofautiana kwa siku kadhaa.

Mwisho wa daftari: mstari ulioandikwa haufutwi. Kosa linasahihishwa kwa mstari mwingine wenye dakika hasi na maelezo ya nani aliyeruhusu. Pia mtu anapoacha kazi, baki ya mafungu yake yote hai huandikwa "malipo" siku yake ya mwisho, kabla mshahara wa mwisho haujapigwa.

Ipi basi?

Kazi ya zamu, ambako watu hubaki bila mpangilio mwaka mzima, ichukue fungu kwa fungu, miezi sita, pamoja na kikomo kidogo juu yake. Mchanganyiko huo ndio tunaouona bora kuliko njia yoyote ikisimama peke yake: mwisho wa fungu unazuia saa kulala, na kikomo cha saa 24 au 40 kinazuia msimamizi kuendelea kumbakiza mtu yule yule kwa kuwa hasemi hapana. Kikomo kikiguswa, saa inayofuata ni fedha. Sheria ya kwako ikitaka muda mfupi kuliko miezi sita, badilisha hiyo 6 kwenye `EDATE`, mengine yabaki.

Ofisi ndogo yenye msimu mmoja wa kubanwa inaweza kubaki na tarehe moja, ikiiweka mbali na msimu huo. Kikomo peke yake kinafaa pale tu kutoa ofu ni kugumu kweli kweli na kila mtu anajua kwamba saa nyingi zitaishia kulipwa. Ila hapo jiulize kwa nini usilipe fedha tangu mwanzo.

Ukiwa unanunua mfumo wa mishahara, usiulize kama "una ofu". Wote watakujibu ndiyo. Omba uingize mfano wa mfanyakazi wetu, matukio sita yale yale kwa tarehe zile zile, mwisho ukiwa miezi sita, kisha uulize unaonyesha nini Julai 11. Mfumo unaohesabu mafungu ipasavyo utasema saa 2 hadi Septemba 18 na saa 9 hadi Desemba 24. Ukikuonyesha 11 tu bila tarehe, unashika salio moja, na bado utahitaji jedwali pembeni. Ukikuonyesha 6 zinazoisha Julai 14, unaanza na fungu jipya, na kabla hujasaini mkataba mwulize muuzaji mpangilio huo unabadilishwa wapi.